Taja insha, usitaje cheo

Swali la wiki: “Mimi ni mwalimu mstaafu. Kuna mwanafunzi niliyemwona ana kipaji, lakini sikuwahi kumwambia. Sasa amefanikiwa. Nimwandikieje bila kuonekana najipendekeza?”

Mwalimu, shikamoo. Anza na jambo moja ulilolishuhudia mwenyewe darasani. Barua nyingi za namna hii huharibika mstari wa kwanza tu: “Tangu zamani nilijua utafika mbali.” Akisoma hivyo atajiuliza papo hapo, sasa mbona hukusema? Tena sentensi hiyo inamfaa mwanafunzi yeyote, naye ataing’amua.

Tuseme kipaji chake kilikuwa uandishi. Andika hivi: “Nilikufundisha Kiswahili kidato cha pili. Katika insha yako ya kisima ulimwacha yule mama ameinua ndoo, ukaishia hapo bila kutuambia alikwenda wapi. Niliisoma mara mbili. Kisha nikakupa 14 kwa 20, nikaandika ‘Ongeza bidii’. Nilipaswa kuandika kwamba mwisho ule ulinigusa, na kwamba usiache kuandika. Sikuandika. Nakuambia leo.”

Majuto yote yamo katika “sikuandika”, wala hayana sababu nyuma yake. Hapa ndipo wengi huteleza. Huongeza kwamba walimu wa enzi zile hawakuwa watu wa kusifu, au waliogopa mtoto asivimbe kichwa. Huenda ni kweli kabisa, ila kila sababu unayoongeza inageuza majuto kuwa utetezi. Futa pia “kama nilikuvunja moyo”. Hiyo “kama” inamtwika yeye kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia.

Fahari ije baada ya hapo, na iwe juu ya kazi yake. Ukisema unajivunia kumwona mkurugenzi, umesifu kiti, na hapo ndipo kujipendekeza kunapochomoza. Tafuta kitu alichokifanya, ukisome au ukitazame vizuri, kisha useme ulichokitambua ndani yake: “Katika makala yako ya juzi nimeona bado unajua pa kuishia.” Usithubutu kuandika “matunda ya jasho langu”. Alisonga mbele bila neno lako la kumtia moyo, na ni haki yake barua ikiri hivyo.

Ukurasa mmoja unatosha. Weka anwani yako, lakini usimdai jibu, na usidokeze shida yoyote uliyo nayo, hata ndogo. Ombi moja tu mwishoni litafanya yote ya juu yaonekane yalikuwa ya kulitengenezea njia.

Ila kama hukunyamaza tu, bali ulimdhihaki au kumchapa mbele ya wenzake, mfano huu haukufai. Fungua kwa kulitaja kosa lenyewe, omba radhi, uishie hapo. Pongezi zikifuata katika karatasi ileile zitasomeka kama fidia, kwa hiyo ziache mpaka yeye mwenyewe akuandikie.