Wateja walioondoka ni asilimia 1 tu?

"Ripoti yangu ya Januari hadi Machi inaonyesha wateja wa intaneti ya nyumbani walioondoka ni asilimia 1 tu. Bosi kafurahi. Niiamini?"

Hapana. Tatizo ni mstari huu kwenye msimbo wa SQL uliobandika:

```sql
WHERE status = 'active'
```

Umewatoa walioondoka kabla hujaanza kuhesabu. Hiyo asilimia 1 huenda ni walioomba kukatiwa huduma ila siku walizolipia hazijaisha, kwa hiyo bado wanasomeka hai. Chukua orodha ya waliokuwa wateja tarehe 1 Januari, hata kama ni kutoka kwenye ankara za Desemba, uwafuate haohao hadi 31 Machi. Tuseme walikuwa 400 na 92 hawapo tena: hiyo ni asilimia 23.

Mimi hesabu ya namna hii iliwahi kuniumbua kazini, mhasibu alipouliza mbona hakuna anayeondoka na mapato yanashuka.

Kuna mchangiaji aliyekushauri uongeze miezi kwenye ripoti; yuko sahihi nusu. Kichujio hicho cha 'active' kikibaki, hata mwaka mzima utakuletea sifa zilezile.

Ila wateja wa kulipia kabla ni shughuli nyingine, maana hawaagi. Hapo mkubaliane kwanza ni siku ngapi za kimya ndiyo kuondoka.