Nakala ya tatu ikififia: kwa mnaoanza kazi kaunta yenye printa ya pini

Mdogo wangu uliyeajiriwa juzi kwenye duka la jumla hapa Mwanza, ukakuta mezani lile boksi linalokwaruza kwa kelele huku likivuta karatasi yenye matundu pembeni, nakuandikia wewe. Nimekaa mbele ya printa za doti matriksi miaka mingi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo nusu ya mzigo wake huvuka maji. Kosa kubwa nililowahi kufanya kazini lilianza na nakala ya tatu iliyokuwa haisomeki.

Elewa kwanza jambo hili, maana mengine yote yanaegemea hapa. Ndani ya hedi, kile kichwa kinachokwenda kushoto na kulia kikichapa, kuna pini nyembamba za chuma zilizopangwa wima. Mashine kama Epson LX-350 inazo 9, nyingine zinazo 24. Kila pini inasukumwa na koili yake ya umeme, inagonga riboni, ule utepe wenye wino, riboni inagonga karatasi, nukta inabaki. Nakala ya juu kabisa inapata wino wa riboni. Nakala za chini hazipati wino wowote wa riboni. Karatasi za NCR tunazotumia, zile zinazojinakili zenyewe, zimepakwa vifuko vidogo mno vya rangi mgongoni. Pini ikigonga, vifuko vinapasuka na rangi inatokea kwenye karatasi inayofuata. Kwa hiyo nakala ya juu inakueleza habari za riboni, na nakala za chini zinakueleza habari za nguvu ya pigo.

Ukishika hilo, hutahangaika. Nakala ya juu ikiwa hafifu na za chini zimekolea, badilisha riboni. Ya juu ikiwa imekolea na ya tatu haionekani, usiguse riboni, tatizo ni pigo halifiki. Na zote tatu zikiwa na mstari mweupe mwembamba unaokata maandishi kwa urefu uleule, kuanzia kushoto hadi kulia, kuna pini haifanyi kazi.

Mimi sikuelezwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tunatoa ankara ya nakala 3: nyeupe ya mteja, ya waridi inakwenda ghalani, ya njano inasafiri na mzigo. Asubuhi moja ya njano ikawa inatoka kama kivuli. Pembeni mwa printa kuna leva ndogo yenye namba, inayosogeza hedi karibu au mbali na karatasi. Kuna mtu jana yake alikuwa amechapisha bahasha nene, akaiacha kwenye 4. Kwa karatasi ya nakala 3 mashine yetu ilitaka iwe kwenye 2. Sikujua maana ya zile namba, nikaona tu kwamba nikiipeleka kwenye 0 hedi inasogea karibu zaidi. Nikaipeleka 0. Nakala ya njano ikakolea, na mimi nikafurahi.

Hiyo 0 ni ya karatasi moja. Karatasi 3 zikipita kwenye nafasi hiyo, hedi inaburuta riboni juu ya karatasi. Dalili zake zilikuwa wazi, sema sikuzijua: vivuli vya wino kati ya mistari, mlio mzito kuliko kawaida, na riboni kuanza kuota nywele katikati. Riboni ni kitambaa cha nailoni. Nyuzi zikichomoka, pini inatoka kugonga, inanasa kwenye uzi, na kabla haijarudi ndani hedi imeshasogea. Pini ikipinda au ikikatika, umeipoteza. Kwetu ilikatika ya nne kutoka juu.

Sasa tazama kinachotokea kwenye namba. Kwenye uchapaji wa haraka wa pini 9, tarakimu inachukua mistari 7 ya nukta. Ule mstari wa katikati, wa nne, ndio unaobeba mkanda wa kati wa 8. Ukiutoa, 8 inabaki duara lenye ufa mdogo pembeni. Ukiisoma kwa haraka, kwenye karatasi ya waridi, chini ya taa ya ghala, ni 0.

Mteja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuwa ameagiza mifuko 18 ya saruji kwa shilingi 17,500 kila mmoja, akalipa 315,000. Ghalani wakasoma 10, wakapakia 10, boti ikaondoka. Jioni akapiga simu. "Dada, mimi nimelipia kumi na nane. Karatasi yenu inasema kumi, lakini hesabu chini inasema laki tatu na kumi na tano elfu. Kumi mara kumi na saba na mia tano ni ngapi?" Ile jumla ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu haikuwa na 8 hata moja. Mifuko 8 ikavuka siku iliyofuata kwa nauli ya duka, na bosi akaniita nyuma. Hakunifokea. Alinyanyua karatasi kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha ufa ule kwenye kila nane, ukurasa mzima.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua mauzo, nachapisha ukurasa wa majaribio. Kwenye LX-350 unazima mashine, unabonyeza `LF/FF` bila kuachia huku ukiiwasha. Inachapa herufi zote bila kuhitaji kompyuta. Ukibonyeza `Load/Eject` badala yake, inachapa kwa maandishi mazuri, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Uchapaji mzuri wa pini 9 unapita mara mbili kwenye mstari uleule, mara ya pili karatasi ikiwa imesogea kidogo sana, kwa hiyo pini jirani zinaziba sehemu ya pengo. Tatizo linajificha. Pima kwa uchapaji wa haraka. Angalia kistari `-` kwanza, maana kinachapwa na pini moja tu: pini ile ya nne ikifa, kinatoweka chote. Kisha angalia 8, kisha mstari wa chini `_`. Ujanja huohuo unaweza kukusaidia wakati unasubiri hedi mpya: weka uchapaji mzuri, utakuwa wa polepole, lakini namba zitasomeka. Usiendelee hivyo kwa wiki nyingi.

Kuhusu riboni, kuna jambo la mjini hapa nataka ulikatae. Atakuja mtu atakuambia usinunue mpya, utie wino wa mhuri kwenye katriji ya zamani. Wino wa riboni una mafuta ndani yake, na mafuta hayo ndiyo yanayolainisha pini zinapoingia na kutoka kwenye vitundu vyake. Wino wa mhuri hauna kazi hiyo. Unakauka, unachanganyika na vumbi la karatasi, unakuwa gundi, na pini zinaanza kurudi kwa uzito. Kwa sababu hiyohiyo usiiache riboni iliyokauka kabisa iendelee kufanya kazi eti kwa kuwa nakala za chini bado zinaonekana. Zitaonekana, ndiyo, hazihitaji wino. Pini ndizo zinazokosa mafuta.

Kuibadilisha ni dakika 2, ila uzime mashine na uiache ipoe, hedi iliyotoka kuchapa ankara za mwisho wa mwezi inaunguza vidole. Sogeza hedi katikati kwa mkono. Ukishaweka katriji, zungusha kile kitufe cha plastiki kwa upande unaoonyeshwa na mshale mpaka riboni ikaze, halafu hakikisha imepita mbele ya hedi ikiwa imenyooka. Ikijisokota utaona nusu ya juu ya herufi imekolea na nusu ya chini imepauka.

Hedi yenyewe haitaki mengi. Mimi mara moja kwa wiki naondoa vumbi la karatasi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Pua ya hedi ikiwa na uji mweusi, naifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo spiriti ya aisopropili, mashine ikiwa imezimwa, kisha naiacha ikauke. Usimwagie. Usitumie petroli wala tina. Ile fimbo ambayo hedi inateleza juu yake usiipake mafuta ya kupikia, wala ya cherehani, kwa kubahatisha. Vumbi la barabara zetu likishikana na mafuta, hedi inasota na maandishi yanapishana. Jioni funika mashine, hasa siku wale wadudu wa ziwani wanapokuja kwa mawingu kufuata taa. Nimewahi kutoa wadudu wa kujaa kijiko chini ya rola.

Na kama ankara yenu ina nembo kubwa nyeusi juu, mwombe aliyewatengenezea programu aitoe. Mraba mweusi unapiga pini zote bila kupumzika, hedi inapata moto, na mashine inaanza kusimama yenyewe katikati ya ukurasa ili ipoe. Wengine wanadhani imeharibika. Bora zaidi, kama programu inaruhusu, chagua kwenye Windows draiva ya `Generic / Text Only`. Hapo printa inatumia herufi zake za ndani. Ukitumia herufi za Windows, kila ankara inachapwa kama picha, polepole, na pini zinafanya kazi kubwa zaidi kwa maneno yaleyale.

Utaulizwa na wateja, hata na ndugu zako, kwa nini duka lenye simu za kisasa linatumia mashine ya kelele hivi. Jibu langu ni ile safari ya saruji. Mtunza ghala, nahodha na mteja wote wanashika karatasi iliyotoka kwenye pigo moja. Mteja akisaini ya juu kwa kalamu ya kukandamiza, sahihi inashuka hadi ya tatu, na hakuna anayeweza kudai yake ni tofauti. Leza ingekuchapia kurasa tatu, lakini ni kurasa tatu zilizochapwa mbalimbali na kusainiwa mara tatu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tunaitoa kama sheria inavyotaka na kuibana kwa stepla juu ya ankara, ila ile ni karatasi ya joto. Iache kwenye dashibodi ya lori kutoka hapa hadi Sengerema na kurudi mara kadhaa, utakuta imepauka. Ankara ya njano kutoka kwenye faili letu la zamani bado naisoma.

Ukifika kesho asubuhi, kabla hujawasha, angalia leva iko namba gani, uhesabu karatasi zako ni ngapi. Kwa LX za Epson nilizotumia, karatasi moja ni 0, mbili ni 1, tatu ni 2. Nimeiandika hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, nikaibandika pembeni ya leva.