Ripoti ya Tathmini ya Zabuni, Mimi Huisoma Kuanzia Mwisho

Nimepitia ripoti nyingi za tathmini kabla hazijafika Bodi ya Zabuni, na sasa huanzia ukurasa wa pendekezo. Nikianza mwanzo, maelezo yaliyopangwa vizuri hunishawishi kabla sijaona hesabu. Nikianza mwisho, kila sentensi ya pendekezo naidai ushahidi: imetoka jedwali gani, na jedwali hilo linafuata kigezo gani cha nyaraka za zabuni?

Ripoti iliyonifundisha hivyo ilihusu kumpata mhandisi mshauri wa kusimamia barabara. Kampuni mbili zilivuka alama za chini za kiufundi. Ya kwanza ilipata 90 na bei yake ilikuwa shilingi milioni 120; ya pili ilipata 82, bei milioni 90. Kwa bei, aliye chini hupata 100, na mwingine hupata bei ya chini kugawanya kwa bei yake, mara 100. Kwa hiyo ya kwanza ilipata 75.

Kamati ilitumia uzito wa 80 kwa ufundi na 20 kwa bei. Kampuni ya kwanza ikapata 87, ya pili 85.6, na ya kwanza ikapendekezwa. Nilirudia hesabu yote kwa kikokotoo, sikuona kosa.

Kilichonishtua ni sentensi moja ya pendekezo: kampuni ya kwanza “ina uzoefu zaidi wa mkoa huu.” Nilipotafuta kigezo hicho kwenye nyaraka, sikukipata. Ndipo nikasoma kila karatasi iliyotumwa kwa wazabuni, pamoja na nyongeza zilizotolewa kabla ya siku ya kufungua zabuni. Nyongeza ya pili ilikuwa imebadili uzito kuwa 70 kwa 30. Wajumbe walikuwa wamepewa nyaraka za awali tu.

Kwa 70 kwa 30, ya kwanza inapata 85.5 na ya pili 87.4. Mshindi anageuka, ingawa hakuna alama hata moja ya mjumbe iliyoguswa.

Ndiyo maana nakusihi usiridhike na hesabu zilizojumlishwa sawasawa. Weka nyaraka na nyongeza zake zote upande mmoja, ripoti upande wa pili, kisha linganisha majina ya vigezo, uzito na alama za chini. Halafu chukua fomu za wajumbe mmojammoja uone kama wastani wake ndio ulio kwenye jedwali. Sababu ya ushindi isiyo na kigezo chake haina nafasi kwenye pendekezo, hata kama ni ya kweli.

Ukikuta kosa, usilisahihishe mwenyewe. Alama ni za kamati. Mimi niliirudisha ripoti kwa barua iliyotaja nyongeza ya pili na jedwali lililoathirika, nikaacha pendekezo kwao. Walikaa tena, wakarekebisha uzito, wakafuta ile sentensi ya mkoa, wakasaini upya kila ukurasa, na Bodi ikapokea ripoti inayopendekeza kampuni ya pili.