Mistari myeupe kwenye meno ya juu ya mtoto: bado muda upo

"Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Analala na chupa ya maziwa yenye sukari. Meno mawili ya juu mbele yametoka mistari myeupe karibu na fizi, ila ya chini ni mazima. Mama mkwe anasema ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Nifanye nini?"

Mwanangu, mimi ni tabibu wa meno hapa Tanga, na meno ya juu kuharibika huku ya chini yakibaki mazima ni alama ya chupa ya usiku. Mtoto akinyonya, ulimi hufunika meno ya chini na mate yanayotoka chini ya ulimi huyaosha. Maziwa hutuama kwenye yale ya juu. Akishalala mate hupungua sana, kwa hiyo sukari inabaki palepale, na vijidudu vilivyoshika jino vinaigeuza kuwa asidi inayotoa madini ya jino. Huo mstari mweupe ni mahali madini yameanza kutoka. Jino halijatoboka, na linaweza kuwa gumu tena. Likishageuka kahawia na kuchimbika, hapo ni kazi ya kliniki.

Mama mkwe umjibu kwa heshima: ya mbele hung'oka kwenye miaka 6 au 7 kweli, lakini magego ya utoto mtoto huyatafunia mpaka miaka 10 hadi 12, na uozo huu ukitoka mbele huhamia huko.

Usiku mmoja kuificha chupa ghafla huishia kwa kilio cha nyumba nzima, na saa nane za usiku mtu anairudisha. Nikusimulie habari ya mtoto mmoja wa Makorora, umri kama wa wako, aliyekuwa akilala na chupa ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari. Tulianza na sukari peke yake: siku chache kijiko kimoja, kisha bila kabisa. Halafu tukaingia kwenye maziwa. Robo ya chupa ikawa maji, baada ya siku mbili tatu nusu, kisha robo tatu, mwisho maji matupu. Alipofika kwenye maji matupu alilia usiku wa kwanza, baadaye akaacha mwenyewe kuiomba. Maziwa yake hakunyimwa. Aliyapata kwenye kikombe pamoja na chakula cha jioni, akapigwa mswaki, na baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi.

Angalia sana hapa: kuzimua huku ni kwa mtoto aliyepita mwaka na anayekula vizuri. Maziwa ya mtoto wa chini ya mwaka hayaongezwi maji hata kidogo. Na kama unanyonyesha, endelea kama kliniki inavyokuelekeza, ila baada ya meno kuota usimwache alale na titi mdomoni usiku kucha.

Mchana nako kuna mtego. Kila funda la kitu kitamu huleta asidi kwa karibu nusu saa. Glasi moja ya juisi ya ukwaju akiinywa na chakula cha mchana na kumaliza, jino linashambuliwa mara moja tu. Juisi hiyohiyo ukiitia kwenye chupa atembee nayo akifyonza asubuhi nzima, jino halipati nafasi ya kupumzika. Ndiyo maana mimi huuliza mtoto anakunywa mara ngapi kabla ya kuuliza anakunywa kiasi gani. Kati ya milo mpe maji. Chai ya sukari na soda kwa umri huu ziache kabisa.

Mswaki ni asubuhi na kabla ya kulala, na unapiga wewe. Mlaze kichwa mapajani mwako, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, sugua pale fizi inapokutana na jino. Dawa iwe kiasi cha punje ya mchele, yenye floraidi. Soma boksi: tafuta neno fluoride na namba isiyopungua 1000 ppm, kwa sababu nyingine za watoto zina ladha tamu na picha nzuri lakini floraidi hazina. Ukimaliza futa povu kwa kitambaa, usimsuuze.

Kila mwezi nyanyua mdomo, kausha meno kwa kitambaa safi, kisha tazama kwenye mwanga wa dirishani, maana jino lenye mate huficha mstari. Ukiona unang'aa tena, au umebaki vilevile bila kutanuka, mnaenda vizuri. Ukitanuka au ukawa wa manjano, mpeleke. Hata sasa ni vizuri aonwe, apakwe floraidi ya kliniki. Kwa jino lililokwisha kutoboka ipo dawa ya kupaka yenye fedha na floraidi inayozuia uozo bila kuchimba jino, ila huacha doa jeusi la kudumu, uulize kwanza ukubaliane nayo. Fizi ikivimba, ikatoka kipele cha usaha, au uso ukivimba na homa ikapanda, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.