Riba au mfumuko wa bei?

"Swali limenipa riba na mfumuko wa bei vyote viwili, natakiwa kukisia bei ya dola miezi 6 ijayo. Natumia kipi, na nchi gani inakaa juu ya sehemu kwenye kanuni?"

Ndugu, angalia unachoulizwa. Kama ni bei ya mkataba wa kununua dola baadaye, tumia riba. Kama ni makisio ya bei ya sokoni kwa miaka kadhaa, tumia mfumuko wa bei. Majibu hayatalingana, na si kosa lako.

Tuseme dola ni shilingi 2,500, riba ya Tanzania 12% na ya Marekani 4% kwa mwaka. Wengi huanguka hapa: miezi 6 ni nusu mwaka, kwa hiyo unagawa riba kwa mbili kwanza. Zinabaki 6% na 2%, na ya Tanzania inakaa juu:

2,500 × 1.06 ÷ 1.02 = 2,598

Ukisahau kugawa unapata 2,692.

Anayesema kwamba nchi yako hukaa juu daima amepatia nusu. Inayokaa juu ni sarafu unayoihesabu. Bei ikiandikwa dola kwa shilingi moja, Marekani inapanda juu. Jihakiki hivi: kwenye hesabu hii, sarafu yenye riba kubwa lazima idhoofike. Hapa shilingi kwa dola zikipungua, umegeuza kanuni.

Na kama wewe ni mfanyabiashara wa Kariakoo unayejiuliza ununue dola leo kwa ajili ya mzigo, hesabu hii haikuambii. Mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika, ingawa riba ya hapa ilikuwa juu.