Sivii imeshapelekwa na mtu wa ndani, uandike nini?

"Dada ninayemfahamu amepeleka sivii yangu ofisini kwao, nafasi ya mhasibu msaidizi. Na mimi niwaandikie rasilimali watu?"

Waandikie, ila muulize dada kwanza alimtumia nani, lini, na kama yuko radhi umtaje. Asiporidhia, usimtaje.

Kichwa cha barua pepe kibebe jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo, pamoja na kumbukumbu namba. Afisa hushughulikia nafasi kadhaa kwa wakati mmoja, na sivii iliyopelekwa na mfanyakazi mara nyingi hufika bila maelezo. Kisha andika hivi:

"Habari za kazi. Jumatatu Bi. Fulani wa idara ya manunuzi alikutumia sivii yangu kwa nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Tulifanya kazi pamoja duka la jumla, ambako nilisuluhisha hesabu za benki kila mwezi. Naiambatisha tena. Kama natakiwa kujaza maombi kwenye tovuti pia, naomba unielekeze."

Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Kuna ofisi zisizomtambua mwombaji mpaka awe kwenye mfumo wao, hata akipendekezwa na nani. Na uhusiano wenu utaje ulivyo, maana dada ataulizwa.