Tasnifu ya uongozi na ari ya walimu: usimwachie mkuu wa shule dodoso

"Wakuu, niko mwaka wa mwisho uzamili, menejimenti ya elimu. Mada: mtindo wa uongozi wa wakuu wa shule na ari ya walimu, sekondari sita. Dodoso nimewaachia wakuu wa shule wanikusanyie, nazifuata Ijumaa. Je, nitumie koreleisheni au rigresheni? Na shule sita zinatosha?"

Mkuu (wewe, siyo wa shule), kazichukue leo! Ijumaa utakuta maiti.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Msimamizi wangu, Mungu anamwona, aliniambia "pitia kwa mkuu wa shule, ndiyo itifaki". Itifaki ni ya kibali: barua inatoka chuoni, inapita mkoani na halmashauri hadi mezani kwa mkuu. Dodoso siyo barua. Nikaacha 96, zikarudi 92, nikajiona profesa. Kila shule zilikuwa zimerundikwa wazi ofisini kwa mkuu, na aliyezikusanya ni mtaaluma.

Nikaingiza kwenye SPSS. Wastani wa uongozi shirikishi 4.7 kati ya 5, ari 4.6, shule zote! Kumbe hao ndio walimu walionilalamikia kantini kwamba mkuu anawafokea mbele ya wanafunzi. Nani atamchora vibaya mtu anayempima utendaji, tena akijua karatasi inapita mkononi mwake? Kilichoniumbua ni sentensi mbili nilizozipanga mbali: "mkuu hutuheshimu mbele ya wanafunzi" na "mkuu hutufokea mbele ya wanafunzi". Watu walewale wameweka 5 kote. Na kama wote wamejibu sawa, koreleisheni itashika nini? Namba zikisimama palepale hakuna cha kuhusisha na chochote. Siku ya kutetea niliulizwa swali moja tu: "Nani alikusanya?" Nilitamani sakafu inimeze, ila ilikuwa ya zege.

Nikarudi kuanza upya: nauli, ada ya muhula mzima, na mke akiuliza kama hiyo digrii ina mwisho.

Mara ya pili mkuu wa shule nilimpa barua na salamu, basi. Dodoso niligawa mwenyewe saa ya chai, kila moja na bahasha ya gundi, mwalimu anafunga na kunipa mkononi. Nikafuta jina la shule nikaweka alama yangu ya siri. Nikafuta pia somo na miaka kazini, maana shule yenye walimu 14 ina mwalimu mmoja wa fizikia, na kila mtu anamjua. Wastani wa uongozi shirikishi ukashuka hadi 3.1, na shule zikaanza kutofautiana: moja 2.2, nyingine 4.0. Ndipo nikapata cha kuandika.

Hizo ulizokwisha kuacha usizichanganye na mpya hata kama zimejazwa vizuri. Ukimkuta mkuu ameshaanza kuzisoma, mwachie, kachapishe nyingine.